Akaunti 1,400 zilizofungwa asubuhi ya usajili: uchambuzi wa kisa

Jumatatu ya kwanza ya muhula, dirisha la kusajili masomo likiwa limefunguliwa, foleni mbele ya ofisi ya TEHAMA ya chuo kimoja nchini Tanzania ilitoka nje ya jengo. Kila aliyefika mbele alikuwa na malalamiko yaleyale: mfumo unamwambia akaunti yake imefungwa, ilhali hajakosea nywila hata mara moja. Wengine walikuwa hawajaugusa mfumo tangu matokeo ya muhula uliopita. Chuo sikitaji, na tarakimu nimezizungusha ili kisitambulike, lakini mpangilio wake nimeukuta kwenye taasisi nyingi na ndiyo maana naueleza kwa kirefu.

Kulikuwa na wanafunzi 6,000 hivi wanaosoma, na akaunti nyingine 3,000 za waliokwisha kuhitimu ambazo hakuna aliyezifuta. Jina la kuingilia ni namba ya usajili, na namba hizo zinafuatana: 0411, 0412, 0413. Nywila ya kuanzia ni jina la ukoo kwa herufi kubwa, na mfumo haukumlazimisha mtu kuibadilisha. Ulinzi dhidi ya wabahatishaji ulikuwa mmoja tu: ukikosea mara 5, akaunti inafungwa, na haifunguki mpaka ofisa aifungue kwa mkono.

Mkuu wa kitengo alikuwa na maelezo yake tayari. "Ndugu yangu, wakitoka likizo hawa huwa wamesahau kila kitu," aliniambia. Kusahau kupo, na kila muhula huleta watu kadhaa. Lakini orodha ya akaunti zilizofungwa ilikuwa na 1,400, na mamia kati yake yalikuwa ya wahitimu. Mhitimu hasajili masomo. Tena, ukiipanga orodha hiyo kwa saa ya kufungwa, namba zilipanda kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, kuanzia saa kumi alfajiri. Watu 1,400 hawasahau nywila kwa kufuata mpangilio wa namba za usajili.

Bahati nzuri mfumo ulikuwa na jedwali la majaribio ya kuingia: saa, jina lililoandikwa, anwani ya IP, na kama jaribio lilifaulu. Nywila zenyewe hazikuhifadhiwa humo, na ni sahihi zisihifadhiwe, kwa sababu mtu akikosea herufi moja, jedwali litakuwa limebeba siri yake karibu nzima. Swali la kwanza tulilouliza lilikuwa hili:

```sql
SELECT ip,
       COUNT(DISTINCT username) AS akaunti,
       SUM(success = 0) AS zilizofeli,
       SUM(success = 1) AS zilizofaulu
FROM login_attempts
WHERE created_at > NOW() - INTERVAL 14 DAY
GROUP BY ip
ORDER BY akaunti DESC
LIMIT 500;
```

Majibu yalijigawa makundi matatu, na tofauti zake ndizo zilizoamua kila kitu kilichofuata.

Kundi la kwanza lilikuwa anwani moja ya chuo chenyewe na anwani kadhaa za kampuni za simu. Kila moja ilikuwa imebeba akaunti mamia, jambo ambalo kwa haraka linatisha. Lakini kwa kila majaribio kumi, saba au nane yalifaulu. Hao ni watu halisi. Maabara yote ya kompyuta na waifai ya chuo hutoka nje kwa anwani moja, na kampuni za simu nazo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja kwa sababu anwani za IPv4 hazitoshi. Mwanafunzi aliyepo Mbeya na mwingine aliyepo Tanga, wote kwa bando la mtandao mmoja, wanaweza kuonekana kwa seva kama mtu yuleyule.

Kundi la pili lilikuwa anwani mbili za seva za kukodi nje ya nchi. Akaunti 1,400, majaribio 5 kila moja, waliofaulu sifuri. Huyu ndiye aliyefunga akaunti. Majaribio 7,000 kwa muda usiofika saa mbili ni kama moja kwa sekunde, kazi ambayo kompyuta ya kawaida inaifanya bila kutoa jasho. Kama alikuwa anatafuta nywila au alikusudia kuvuruga usajili, jedwali haliwezi kusema, na kwa mwanafunzi aliye kwenye foleni matokeo ni mamoja.

Kundi la tatu lingetupita kama tungetazama akaunti zilizofungwa peke yake. Lilikuwa la anwani karibu 300, zilizotawanyika, kila moja ikigusa akaunti 10 hadi 20, na kila akaunti ikijaribiwa mara 1 tu. Ilianza wiki moja kabla ya foleni. Hakuna akaunti iliyofungwa, kwa kuwa hakuna iliyofikisha makosa 5. Na humu ndimo mlimokuwa na waliofaulu: akaunti karibu 50. Tulipozitazama hizo 50, zote zilikuwa hazijawahi kubadilishiwa nywila tangu kufunguliwa. Hatukuhitaji kuona kilichoandikwa ili kujua ni nini. Orodha za matokeo zilizobandikwa zina namba na majina pamoja. Ukishajua kwamba nywila ya kuanzia ni jina la ukoo, hubahatishi tena, unasoma.

Kwa hiyo kufuli la makosa 5 lilikuwa limefanya kinyume cha lililowekewa. Aliyeingia kweli hakulikuta njiani, na lililowakuta ni wenye akaunti. Hilo halitokani na namba 5. Ukiweka 3, anayetaka kuvuruga anaokoa majaribio mawili kwa kila akaunti. Ukiweka 20, anaongeza saa chache. Tatizo liko kwenye kitu kinachohesabiwa. Hesabu iliyofungwa kwenye jina la akaunti peke yake inampa mgeni yeyote uwezo wa kumfungia mwenyewe nje, na kinachohitajika ni namba ya usajili tu, ambayo si siri.

Jioni ya Jumatatu ile fundi mmoja wa kitengo alipendekeza kuhamishia hesabu kwenye anwani ya IP: maombi 5 kwa dakika kwa kila anwani, basi. Nilimwambia, "Kaka, maabara yako ina viti 120 na anwani moja. Mwalimu akisema 'ingieni kwenye mfumo', mtu wa sita anakataliwa." Upande wa pili nao haupati faida: mwenye anwani 300 akipewa 5 kwa dakika kila moja, ana 1,500 kwa dakika. Hili si jambo la kinadharia. Novemba 2013 GitHub walieleza kwamba anwani karibu 40,000 zilitumika kubahatisha polepole nywila dhaifu za watumiaji wao, wakati tayari walikuwa na vikomo vikali vya kuingia.

Kulikuwa na shimo jingine hapo. Seva ya mfumo ilikuwa nyuma ya seva nyingine inayopokea wageni kwanza, na nginx ya ndani iliona anwani moja tu, ya huyo aliye mbele. Kikomo cha kila anwani kingekuwa kikomo cha chuo kizima. Dawa yake ni kuiambia nginx isome anwani halisi kwenye kichwa cha ombi kwa `real_ip_header`, lakini kwa sharti la `set_real_ip_from` yenye anwani ya seva ya mbele pekee. Ukikubali kichwa cha `X-Forwarded-For` kutoka kwa kila mtu, mshambuliaji anajiandikia anwani mpya katika kila ombi na kikomo kinakuwa pambo.

Tulichokijenga hatimaye kina hesabu kadhaa zinazofanya kazi pamoja, na iliyo ya msingi ni ile inayotenganisha kifaa kinachojulikana na kigeni. Mlinzi mzuri wa geti akiona mtu asiyemjua anasukuma mlango wa mpangaji, humzuia huyo mtu. Hamzuii mpangaji kuingia kwake.

Kila mtu akiingia kwa mafanikio, kivinjari chake kinapewa kidakuzi cha muda mrefu kilichotiwa saini na seva:

```
kifaa    = username + "," + nasibu
kidakuzi = kifaa + "," + HMAC_SHA256(siri, kifaa)
```

Kidakuzi hiki hakimwingizi mtu; nywila bado inatakiwa. Kinasema tu kwamba kivinjari hiki kilishawahi kuingia kwenye akaunti hii. Ombi likija nacho, na saini ikiwa sahihi na jina likilingana, makosa yanahesabiwa kwenye kidakuzi chenyewe: makosa 10 ndani ya dakika 15, na kidakuzi hicho kinapoteza heshima yake, kinakuwa kama mgeni. Ombi likija bila kidakuzi, makosa yanaingia kwenye hesabu ya wageni ya akaunti hiyo. Hesabu hizo mbili hazigusani. Mshambuliaji anaweza kujaza hesabu ya wageni ya namba 0412 usiku kucha, na mwenye 0412 akaingia asubuhi kwa simu yake bila kujua kulikuwa na jambo.

Hapa pana mtego wa kawaida. Mifumo mingi hufuta hesabu ya makosa mtu anapoingia vizuri. Ukiliacha hivyo, kila mara mwenyewe anapoingia kwa simu yake anampa mshambuliaji majaribio mapya. Mafanikio ya kifaa kinachojulikana yafute makosa ya kifaa hicho tu. Ya wageni yabaki palepale.

Mgeni naye hafungiwi mara moja. Makosa 5 ya kwanza ni bure, kwa sababu mtu aliyenunua simu mpya au aliyekaa kwenye kompyuta ya kukodi hukosea kweli. Baada ya hapo anasubiri dakika 1, kisha 2, 4, 8, 16, 32, halafu 60 kwa kila jaribio linalofuata. Ukipiga hesabu, siku ya kwanza mshambuliaji anapata majaribio 33 hivi kwa akaunti moja, na kila siku inayofuata 24. Linganisha na kufuli la "makosa 10 kisha dakika 15" lililoenea sana, ambalo likihesabu upya kila linapofunguka linampa 960 kwa siku. Tofauti hiyo ni kubwa kwa nywila za watu wa kawaida, ambazo baadhi yake hupatikana ndani ya elfu za kwanza za orodha yoyote ya nywila maarufu.

Kuna kikomo cha juu pia. Mwongozo wa Marekani wa NIST, SP 800-63B, unataka makosa mfululizo kwa akaunti moja yasizidi 100. Kwa mwendo wetu mshambuliaji anafika 100 siku ya nne. Akifika, mlango wa wageni wa akaunti hiyo unafungwa kabisa: vifaa vinavyojulikana vinaendelea, na kifaa kipya kinaingia tu baada ya kuthibitishwa kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu iliyosajiliwa chuoni.

Njia hiyo ya simu ndiyo pia msaada wa mwanafunzi halisi aliyekuta akaunti yake inashambuliwa naye ana simu mpya. Hasubiri saa nzima wala hapangi foleni. Lakini nayo ni mlango. Namba yenye tarakimu 6 ina michanganyiko milioni moja, kwa hiyo bila kikomo inabahatishika. Tuliipa uhai wa dakika 10 na makosa 5, ikizidi inakufa na kuombwa upya, na maombi hayazidi 3 kwa saa kwa akaunti moja. Kikomo hiki cha mwisho kilitetewa na mhasibu kuliko mtu yeyote, kwani kila ujumbe mfupi unalipiwa na mtu mwenye nia mbaya angeweza kumaliza salio la chuo kwa usiku mmoja.

Anwani ya IP ilibaki na kazi ndogo: kuzuia mafuriko, si kuzuia kubahatisha. Ndiyo maana kikomo chake kimelegezwa, na anwani za chuo zimeondolewa humo:

```nginx
geo $nje {
    default        1;
    203.0.113.0/28 0;
}
map "$request_method:$nje" $ufunguo {
    default  "";
    "POST:1" $binary_remote_addr;
}
limit_req_zone $ufunguo zone=kuingia:10m rate=30r/m;

location = /login {
    limit_req zone=kuingia burst=60 nodelay;
    limit_req_status 429;
    limit_req_dry_run on;
    # mistari mingine ya location
}
```

Anwani iliyomo ni ya mfano. Ufunguo ukiwa mtupu nginx haihesabu, kwa hiyo kufungua ukurasa tu hakumgharimu mtu; kinachohesabiwa ni kutuma fomu. `30r/m` maana yake ni ombi moja kila sekunde 2, si maombi 30 kwa mkupuo. Ndiyo sababu ya `burst=60`, ili kundi la wanafunzi walio nyuma ya anwani moja ya kampuni ya simu lisikatwe wanapoingia kwa wakati mmoja. Na `nodelay` inawapitisha papo hapo badala ya kuwapanga. Usipoandika `limit_req_status`, nginx hujibu 503, na msimamizi ataanza kutafuta seva iliyoanguka ambayo haikuanguka.

Mstari wa `limit_req_dry_run` nauthamini kuliko yote. Upo tangu toleo la 1.17.1, na unaandika kwenye logi nani angezuiwa bila kumzuia. Tuliuacha wiki nzima. Logi ilionyesha anwani mbili za kampuni ya simu zikigonga kikomo nyakati za jioni, tukaongeza nafasi, ndipo tukauondoa. Anayewasha kikomo moja kwa moja siku ya kazi anafanya majaribio kwa watumiaji wake.

Katika kujaribu mfumo mpya mambo mawili yalivuja. La kwanza lilikuwa mbio za maombi: ukituma maombi 50 kwa pamoja, yote yanasoma hesabu ikiwa bado 4, yote yanapita. Suluhisho ni kuongeza hesabu kwanza, kwa amri isiyogawanyika kama `INCR` ya Redis, ambako hesabu zinahifadhiwa, ndipo nywila ikaguliwe. Ikiwa sahihi, ongezeko hilo linarudishwa. La pili lilikuwa herufi. Hifadhidata ilikuwa haitofautishi herufi kubwa na ndogo, lakini funguo za Redis zinatofautisha. `T/Deg/0412` na `t/deg/0412` zilifungua akaunti moja zikiwa na hesabu mbili tofauti, na ukichezea kila herufi unapata hesabu 16 tofauti. Jina sasa linasafishwa nafasi na kugeuzwa herufi ndogo kabla halijafika popote.

Ujumbe nao ulibadilishwa. Zamani mfumo ulisema "akaunti imefungwa" kwa akaunti iliyopo tu, na hivyo kumpa mbahatishaji orodha ya namba zilizo hai. Sasa namba isiyokuwepo inahesabiwa na kusubirishwa sawasawa na iliyopo, na jibu ni lilelile. Wakati wa kusubiri nywila haikaguliwi kabisa. Ingekaguliwa, tofauti ya muda wa jibu ingeweza kumwambia mtu amepatia.

Kwa zile akaunti 50, hakuna kati ya haya yote ambayo yangeziokoa. Jaribio la kwanza likiwa ndilo sahihi, kikomo hakina cha kupunguza. Nywila za kuanzia zote zilifutwa usiku mmoja, kila mwanafunzi ambaye hakuwahi kubadilisha akatakiwa kujithibitisha kwa simu, na akaunti za wahitimu zikafungwa kuingia. Siku hiyo foleni ilirudi, safari hii ya watu waliobadilisha namba za simu bila kuiarifu ofisi ya usajili. Ilichukua siku mbili kuisha, na ilikuwa bei ya haki.

Kwa mashambulizi yaliyotawanyika tuliongeza kengele badala ya kufuli: kila dakika 10 mfumo unahesabu akaunti tofauti zilizofeli bila kidakuzi, kwa anwani zote kwa jumla. Tulipima wiki tatu za kawaida kabla ya kuweka kiwango, na kikizidi mara 3 ya kawaida ya saa hiyo, ujumbe unakwenda kwa ofisa wa zamu. Kwa "saa hiyo" namaanisha kweli saa hiyo, kwa kuwa matokeo yakitoka wanafunzi hukimbilia mfumo pamoja na makosa huongezeka yenyewe. Hatukuifanya kengele ijifungie mlango. Ingekuwa silaha ileile, safari hii ya kukifungia nje chuo kizima.

Mwezi uliofuata yule wa namba zinazofuatana alirudi, au mwingine anayefanana naye. Alipitia akaunti 900, makosa 5 kila moja, na katika akaunti hizo hakuna mwanafunzi aliyepiga simu. Malalamiko yaliyobaki yanatoka maabara, ambako kompyuta hufuta kumbukumbu za kivinjari kila zinapozimwa, hivyo kila mtu huko ni mgeni kila siku. Anayekosea mara tano anasubiri dakika, na anayeshambuliwa wakati ule ule anasubiri zaidi. Mkuu wa kitengo aliuliza kama maabara ihesabiwe kama kifaa kinachojulikana. Tulikubaliana hapana, kwa sababu mwanafunzi anayetaka kuona matokeo ya mwenzake hukaa kwenye kiti hichohicho. Walimu wanaoingiza alama wao waliwekewa namba ya siri ya simu kila wanapoingia, kutoka popote, na bajeti ya ujumbe mfupi iliyobaki haikutosha kufanya hivyo kwa wanafunzi.